Hesabu ya saa: mpango wa kuzaa kwa mama anayeishi mbali na barabara

Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa, asipotibiwa, anaweza kufa ndani ya muda wa saa mbili hivi. Matatizo mengine ya uzazi huacha nafasi zaidi: uchungu uliokwama, homa baada ya kuzaa, hata kifafa cha mimba, mara nyingi vinakupa nusu siku au zaidi. Damu haikupi. Kwa hiyo familia inayoishi kwenye milima ya juu ya ziwa Kivu, upande wa Kalehe au Kabare, inapopanga uzazi, swali la kwanza ni hili: tangu damu inapoanza nyumbani hadi inapozuiliwa na mtu mwenye dawa, ni saa ngapi? Jibu lenu ndilo litakaloamua kuhusu usafiri, faranga, watoa damu na muganga.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja hadi mwisho. Tumechukua mama wa mimba ya tatu, ambaye nyumba yake haifikiwi na gari wala pikipiki. Kituo cha afya kiko njiani kuteremka, na barabara ya Bukavu–Goma iko chini zaidi. Namba zake si zenu, lakini namna ya kuzipata ni ileile.

Kwanza, tafuteni tarehe

Bila tarehe hamna mpango. Chukueni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongezeni siku saba, kisha rudisheni miezi mitatu. Mama wetu aliona hedhi ya mwisho tarehe 10 Juni 2025, hivyo tarehe yake ya kuzaa ni 17 Machi 2026. Rudisheni wiki nne kutoka hapo mpate wiki ya 36, yaani 17 Februari. Siku hiyo ndiyo muhimu kuliko ile ya kuzaa. Kila kitu kinachoandikwa hapa kiwe tayari wiki ya 36, kwa sababu wamama wengi huzaa kabla ya tarehe waliyopewa, na ya kuzaa yenyewe ni makadirio tu.

Mama asiyekumbuka hedhi aende kupimwa mimba mapema, kabla ya miezi mitatu kuisha kama anaweza. Muganga atapima kimo cha tumbo kwa utepe kila anapokuja. Kizazi kinapofika usawa wa kitovu, mimba ina kama wiki 20. Mama anayekuja mara ya kwanza akiwa na miezi minane amekwisha kukosa kipimo hicho, na tarehe atakayopewa inaweza kukosea kwa wiki kadhaa. Tumbo likizidi tarehe yake kwa mbali, muulizeni muganga kama hakuna mapacha, maana hilo hubadilisha mahali pa kuzalia.

Angalieni pia tarehe inaangukia msimu gani. Machi ni mvua. Muda wa njia mliouzoea Julai, vumbi likiwa kavu, msiutumie.

Hesabu yenyewe

Mume wa mama wetu akiulizwa ni mbali gani, atasema "saa moja na nusu hadi barabarani". Anasema kweli, lakini hiyo ni saa moja na nusu ya mwanaume mmoja, mchana, asiyebeba kitu. Hesabu ya mpango inafanywa kwa usiku, mvua ikinyesha, mama akiwa amelala kwenye kipoyi.

Kutambua kwamba damu ni nyingi na kukubaliana kuondoka: saa moja. Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na huwa hauhesabiwi: mume hayupo, mama mkwe anasema tungoje kidogo, mtu anatumwa kumwita shangazi. Kukusanya wabebaji: dakika 45. Kipoyi hadi kituo cha afya: saa moja na nusu. Kutoka kituoni hadi barabarani: saa moja na nusu nyingine. Kungoja pikipiki: nusu saa. Pikipiki kwenye matope hadi hospitali kubwa ya zoni: saa moja na nusu. Hospitalini, kupima damu ya mama na ya mtoaji mpaka mfuko utundikwe: saa moja na robo. Jumla ni saa nane.

Someni hesabu hiyo vipande viwili. Hadi kituo cha afya, mahali pa kwanza penye dawa ya kuzuia damu, ni saa tatu na robo. Tayari tumepita zile saa mbili. Hata mkikimbia, hata wabebaji wakiwa wameketi mlangoni, mama aliyezalia nyumbani hawezi kufikishwa kwa wakati. Ndiyo maana jibu la familia hii si kutafuta kipoyi chenye mwendo. Jibu ni mama kuondoka nyumbani kabla uchungu haujaanza.

Familia ambayo hesabu yake hadi kituo ni dakika 40 inaweza kungojea uchungu nyumbani. Familia ya saa moja na nusu au zaidi isijaribu.

Mahali pa kungojea, na muganga atakayekuwepo

Kuna mahali pawili pa kuchagua, na vinavyoamua ni historia ya mama. Aende moja kwa moja kwenye hospitali kubwa ya zoni, yenye upasuaji na friji ya damu, ikiwa aliwahi kupasuliwa, aliwahi kutoka damu nyingi alipozaa, ana mapacha, mtoto amelala vibaya katika mwezi wa mwisho, ameona damu wakati wa mimba, presha yake imepanda, au amekwisha kuzaa mara tano na zaidi. Hawa hawana kazi kwenye kituo kidogo, hata kama kiko karibu na muganga wake ni ndugu. Kituo hakipasui wala hakitii damu.

Wengine wanaweza kuzalia kituoni. Mama wetu ni wa kundi hili. Lakini mjue jambo hili: wengi wanaotoka damu baada ya kuzaa hawakuwa na alama yoyote ya hatari kabla. Kuwa "mama wa kawaida" hakumtoi kwenye mpango wa damu.

Nendeni kituoni kabla ya wiki ya 36 mkaulize mambo matano, na yule anayeuliza aone kwa macho, asitosheke na kuambiwa. Nani yuko hapa usiku, na akienda kwenye mkutano wa zoni nani anabaki? Vituo vingi vya milimani vina infirmie mmoja na mzalishaji mmoja, na wakati wote wawili hawapo mlango hufunguliwa na mlinzi. Oksitosini ipo? Inawekwa wapi? Dawa hii inataka baridi ya digrii 2 hadi 8. Chupa iliyokaa kabatini miezi mitatu ya joto inaweza kuwa imepoteza nguvu, na hamtajua mpaka damu ikatae kusimama. Kifaa cha kumpulizia hewa mtoto asiyelia kipo na kinafanya kazi? Mashine ya presha? Taa ya usiku ni ya nini, na betri inafika asubuhi?

Kazi ya muganga kwenye damu ni fupi lakini haina mbadala. Ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke, baada ya kuhakikisha hakuna pacha tumboni, anampa mama sindano ya oksitosini yuniti 10 kwenye paja. Kizazi kinajikaza, mishipa iliyokuwa wazi inabanwa. Pale ambapo oksitosini haipo au friji imekufa, mtu aliyefundishwa anaweza kumpa misoprostol mikrogramu 600, yaani vidonge vitatu vya 200, amemeze mara mtoto akishatoka. Dawa hizi mbili hazipaswi kupewa mama nyumbani au na mtu asiyefundishwa "kuharakisha uchungu". Zikiingia mtoto akiwa bado ndani, kizazi kinaweza kupasuka. Majani ya kuongeza uchungu na kukandamiza tumbo kwa nguvu kuna hatari hiyohiyo.

Mkunga wa kijiji asiachwe nje ya mpango. Akiachwa, ndiye atakayeitwa kwanza usiku na ndiye atakayesema "tungoje". Mpeni kazi yenye jina: yeye ndiye atakayemsindikiza mama kituoni, atamshika mgongo, atampikia, na atapeleka habari nyumbani. Wakunga wengi wakipewa nafasi hiyo kwa heshima huwa wa kwanza kumwambia mama "funga mzigo, twende".

Mama wetu ataondoka nyumbani wiki ya 38, tarehe 3 Machi. Kituo kina chumba cha kungojea. Pale pasipo nacho, tafuteni jamaa au mwana kanisa anayeishi chini ya nusu saa kutoka kituoni, mkubaliane mapema juu ya chakula, kuni na mahali pa kulala. Jambo linalowarudisha wamama nyumbani si uchovu wa kungoja tu. Ni watoto waliobaki na shamba. Kwa hiyo andikeni jina la atakayelala na watoto na jina la atakayelima au kuvuna wiki hizo, kama mnavyoandika jina la motari.

Damu: majina matatu, na si ya kila mtu

Kwanza damu ya mama mwenyewe. Mama mwenye damu pungufu anaweza kuzidiwa na kiasi cha damu ambacho mwingine angekivumilia. Kwenye kipimo cha mimba aombe apimwe hemoglobini. Ikiwa chini ya 11 ana upungufu, na chini ya 7 ni upungufu mkali unaotaka hospitali kabla ya uchungu. Vidonge vya chuma na foliki anywe kimoja kila siku, asivinywe na chai kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Choo kuwa cheusi ni kawaida na si sababu ya kuacha. Alale ndani ya chandarua na ameze dawa ya kuzuia malaria anayopewa kwenye vipimo, kwani malaria inakula damu kimyakimya.

Siku hiyohiyo aombe apimwe kundi la damu na Rhesus, na iandikwe kwenye kadi ya mimba kwa kalamu isiyofutika. Akiwa Rhesus hasi, familia ina kazi ya ziada: baada ya kuzaa mtoto wa Rhesus chanya, mama anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72. Sindano hiyo ni ghali na mara nyingi hupatikana mjini tu. Itafutwe Bukavu au Goma kabla, na isafirishwe kwenye baridi.

Sasa watoaji. Mama wetu ni O chanya. Mtu wa O hupokea O peke yake, hivyo A, B na AB wote hawafai kwake hata wawe ndugu wa tumbo moja. Bahati nzuri O ndilo kundi lenye watu wengi kwetu. Mtoaji awe na miaka 18 au zaidi, uzito wa kilo 50 kwenda juu, asiwe na malaria wala kuwa ametoka kuugua karibuni, asiwe na mimba wala kunyonyesha, na kama ni mwanaume miezi mitatu iwe imepita tangu alipotoa mara ya mwisho. Mwanamke miezi minne.

Katika familia hii walijitokeza watu sita. Shemeji wawili walipimwa wakaonekana A. Dada ya mama ni O lakini ananyonyesha. Waliobaki ni watatu wa O: mume, binamu na jirani wa kanisani.

Mume anaondolewa kwenye mstari wa mbele, na watu hushangaa. Sababu ni hii: damu ya mume ina alama ambazo mwili wa mke unaweza kuzitengenezea askari. Mimba inayofuata, mtoto akirithi alama za baba, askari wale wanamshambulia akiwa tumboni. Mume atoe damu, ndiyo, lakini imwendee mgonjwa mwingine, na hospitali impe mke wake mfuko wa mtu mwingine. Akiwa ndiye peke yake aliyepo na mama anakufa, daktari ataamua.

Kwa hiyo wanaongeza mmoja, mwalimu wa shule ambaye naye ni O, na orodha inakuwa na majina matatu: binamu, jirani, mwalimu. Tatu ni idadi ndogo kabisa. Usiku wa tukio mmoja atakuwa na homa na mwingine atakuwa amekwenda sokoni Kalehe.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni watoaji kuwa ndio wabebaji wa kipoyi. Ni vijana wenye nguvu, kwa hiyo wanawekwa kwenye orodha zote mbili. Wanafika hospitalini baada ya saa tatu za mlima, hawajala, wamekauka maji, presha imeshuka, na laboratwari inawakataa. Wengine wakitolewa wanaanguka. Mtoaji damu asibebe. Atembee mbele mkono mtupu au apande pikipiki ya kwanza, ale na anywe maji ya kutosha kabla ya kufika.

Jambo la pili linaloshangaza familia ni kwamba damu haitoki mkononi mwa ndugu ikaingia kwa mama palepale. Kila mfuko, ambao ni mililita 450 hivi, lazima upimwe virusi vya ukimwi, hepatiti B na C na kaswende, kisha uchanganywe kidogo na damu ya mama kuona kama zinakubaliana. Ile saa moja na robo kwenye hesabu yetu ni hiyo. Njia ya kuiondoa ni kutoa mapema. Damu huishi hadi siku 35 kwenye friji. Mama wetu akiingia kungojea tarehe 3 Machi, binamu na jirani wateremke wiki hiyohiyo hadi hospitali ya zoni watoe mfuko mmoja mmoja. Mfuko hautaandikwa jina la mama, na unaweza kumwendea mtoto mwenye malaria kesho yake. Lakini friji imejaa zaidi, na karatasi ya kutoa damu ibebwe na kadi ya mimba, kwa sababu hospitali inapotoa mfuko kwenye akiba huuliza nani atarudisha. Mwalimu anabaki bila kutoa, akiwa akiba ya usiku wenyewe.

Faranga, na kwa nini huwa zipo lakini hazipatikani

Mwulize muganga bei nne na aziandike: kuzalia kituoni, kupasuliwa hospitalini, mfuko wa damu na vipimo vyake, na kulala kwa siku. Mpango wa uzazi bure ulioanza Kinshasa mwaka 2023 msiutegemee mpaka kituo chenu kiseme wazi kinagharamia nini kwenu. Hata panapokuwa bure, pikipiki na chakula ni vyenu.

Mama wetu aliandika hivi, kwa bei za kwake. Pikipiki kwenda na kurudi pamoja na mafuta 60,000. Kituo 30,000. Chakula cha watu wawili siku za kungojea 64,000. Akiba ya dharura 50,000. Jumla ni faranga 204,000. Kati ya wiki ya 12, tarehe 2 Septemba, na wiki ya 36 kuna wiki 24, hivyo ni faranga 8,500 kila wiki. Kwa familia inayouza mihogo na maharagwe hilo linawezekana likianza Septemba. Likianza Januari ni zaidi ya 30,000 kwa wiki, na halitawezekana.

Upasuaji haumo kwenye hesabu hiyo. Kwa huo waliomba mapema barua ya Muso yao, kikundi chao cha kusaidiana: kisanduku chekundu, kile cha msaada, kitatoa mkopo wa kiasi kilichokubaliwa mama akipelekwa hospitali. Barua isainiwe na rais na mwekahazina kabla ya wiki ya 36. Mkutano wa kuamua usiku wa tukio hautafanyika.

Faranga hukwama mahali panapojulikana. Kisanduku cha Avek, kikundi cha kuweka na kukopa, kina kufuli tatu na funguo zimegawanywa kwa watu watatu, ni ulinzi mzuri, lakini usiku mmoja wa watatu yuko kwa wakwe zake. Zamu ya likelemba inaweza kuangukia Mei ilhali mtoto anakuja Machi. Ombeni kubadilishana zamu mwezi wa Septemba, wakati hakuna anayeona kuwa mna haraka. Mbuzi si faranga saa sita usiku, na atakayemnunua alfajiri atatoa nusu ya bei. Auzwe kabla ya wiki ya 36. Airtel Money na M-Pesa husaidia ndugu wa mjini kutuma, ila mawakala wa barabarani hulala, na wakiamka huenda hawana taslimu. Tangu mabenki ya Goma na Bukavu yafungwe mwanzoni mwa 2025 watu wamejifunza hilo kwa uchungu.

Kwa hiyo wiki ya 36 fedha ya pikipiki na ya kituo iwe taslimu, noti ndogondogo, ndani ya nailoni isiyoingia maji. Kama ni dola, geuzeni moja moja kwenye mwanga: noti iliyochanika hata kidogo ukingoni itakataliwa.

Njia

Kipoyi kitengenezwe na kijaribiwe, kisiwe cha kuja kuundwa siku ile. Miti miwili mikavu ya mikaratusi au mianzi mikubwa, urefu wa mita tatu hivi, blanketi au mkeka imara uliofungwa kwa kamba pande zote, na turubai la kufunika. Mwekeni mtu mzima juu yake, mtembee nacho mlima mmoja wa karibu. Mahali kamba inapoteleza mtapaona siku hiyo. Wanabeba watu wanne kwa zamu, na kwa saa tatu za kuteremka wanahitajika kumi na wawili, ili kila zamu ipumzike mara mbili. Mama alale kwa upande wa kushoto kama hajazaa, kichwa kikiwa upande wa juu wa mteremko.

Motari wawili, si mmoja, wenye nambari zilizoandikwa kwenye karatasi kwa sababu simu ya mume itakuwa imeisha moto. Bei ya usiku ikubaliwe mchana. Kosa la kawaida ni kumpigia motari mkishafika barabarani. Mpigieni kipoyi kinapoondoka, asogee hadi mwisho wa njia anayoweza kupita, na ile nusu saa ya kungoja inafutika. Mama anayezimia asipandishwe pikipiki, hata akishikwa katikati ya watu wawili. Tafuteni gari au endeleeni na kipoyi. Vizuizi vya barabarani vya usiku hupitika kwa urahisi zaidi mkiwa na karatasi ya rufaa ya muganga na barua fupi ya shefu wa kijiji, kwa hiyo barua hiyo iandikwe mapema na ikae na kadi.

Anayepiga simu hospitalini asiseme tu "mama ni mgonjwa". Aseme hivi: "Shikamoo muganga, ni mume wa mama mwenye kadi ya kituo chetu. Amezaa saa nane usiku, kondo limetoka, damu inalowesha kitambaa chini ya dakika tano. Ni O chanya. Amepewa oksitosini. Tumeondoka kituoni saa tisa, mtoaji damu yuko nasi." Kwa maneno hayo laboratwari inaweza kuamshwa kabla hamjafika.

Lini kuondoka bila kuuliza mtu

Kibali kitolewe mapema. Mume aseme mbele ya mama yake na ya mkunga kwamba ikionekana mojawapo ya dalili hizi, aliyepo anaamuru kuondoka, na fedha ichukuliwe. Hii ndiyo inayofuta ile saa moja ya kwanza.

Damu yoyote kabla ya uchungu. Kichwa kuuma sana na macho kuona giza, au kushikwa na kifafa. Maji kutoka bila uchungu kufuata. Mtoto kuacha kucheza. Uchungu unaopita saa 12. Mkono au kitovu kutangulia. Homa. Na baada ya kuzaa: kondo lisilotoka ndani ya dakika 30, au kitambaa kinacholowa chini ya dakika tano. Kitambaa ndicho kipimo kizuri, kwa sababu damu iliyomwagika sakafuni ya udongo hunywewa na ionekane ndogo.

Kama mama amezaa njiani licha ya yote, safari isisimame kwa muda mrefu. Mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, anyonye, kwa kuwa kunyonya husaidia kizazi kujikaza. Mama akojoe, maana kibofu kilichojaa huzuia kizazi kukaza. Kondo likishatoka, anayemsindikiza asugue tumbo chini ya kitovu kwa mkono mpaka asikie kitu kigumu kama boga dogo, na aendelee kuligusa kila baada ya dakika chache. Likilegea damu itarudi. Kondo lisivutwe kamwe.

Mama akae kituoni si chini ya saa 24 baada ya kuzaa, hata kama anajisikia vizuri na mvua imekatika, kwa kuwa damu nyingi inaweza kuanza ndani ya siku hiyo. Motari wa kurudi aambiwe siku ya pili, na mwalimu aliyekuwa akiba aambiwe naye kwamba sasa anaweza kusafiri.